Spirometa ya kujitengenezea: kliniki wanasema mama ana 62%, kifaa changu kinasema 95%. Nani kakosea?

#1 Mtoto_wa_Keko

Wakuu, habari za jioni. Naingia moja kwa moja.

Nimetengeneza kifaa cha kupima pumzi. Bomba lina kipenyo cha ndani cha 22 mm, na katikati kuna koo la nailoni la 15 mm nililokerezewa na mafundi wa Gerezani, Dar. Nimetoboa tundu dogo kwenye sehemu pana na lingine kwenye koo, halafu mipira miwili ya silikoni inapeleka presha kwenye sensa ya MPXV7002DP. Sensa inaingia A0 ya Arduino Uno. Mtu akipuliza, hewa inakimbia zaidi ikifika kwenye koo, presha ya pale inashuka, na ile tofauti ndiyo ninayoigeuza kuwa mtiririko. Kisha najumlisha mtiririko kila baada ya 10 ms kupata lita.

Mwanzoni kilinisumbua sana. Nilipuliza mara tatu nikapata lita 6.9, 5.1 na 7.4. Kibaya zaidi, kilikuwa kinahesabu lita hata kikiwa mezani bila mtu kupuliza. Nikaongeza mstari mmoja, kwamba presha yoyote iliyo chini ya 10 Pa ihesabiwe sifuri. Kikatulia kabisa. Nikipuliza sasa majibu yanakaribiana.

Jana nikampima mama. Ana miaka 54, ana pumu tangu yuko msichana. Wiki tatu nyuma alipimwa kliniki na karatasi ninayo: hewa yote aliyotoa (FVC) lita 2.9, hewa ya sekunde ya kwanza (FEV1) lita 1.8, uwiano 62%. Kwangu FVC imekuja 1.9, FEV1 1.8, uwiano 95%. Nimerudia mara nne, ni hivyo hivyo.

Ile FEV1 imelingana, ndiyo maana sidhani kifaa changu kimekosea. Je, inawezekana kliniki ndio waliokosea na mama mapafu yake ni mazima? Maana tayari ameanza kuuliza kama aache pampu.

---

#2 Kisimani

Dogo hongera. Mimi presha yangu huwa inapanda jioni, 150 kwa 95. Hiyo sensa yako ukiifunga mkononi inaweza kusoma? Vile vya dukani betri zinaisha haraka mno.

---

#3 Sista_Temeke

Kabla hamjafika mbali: mama asiache dawa. Aendelee na pampu kama alivyoandikiwa, na kama ana wasiwasi arudi na ile karatasi kwa daktari wake. Kifaa ambacho bado hakijapimwa usahihi wake hakiwezi kuondoa dawa.

Halafu nikuambie kitu. Hiyo 95% haikunifurahisha hata kidogo. Kumwaga karibu hewa yote ndani ya sekunde moja ni jambo la mtoto mdogo, au la mtu aliyeacha kupuliza mapema. Mama wa miaka 54 mwenye pumu ya muda mrefu hapati 95. Je, alipuliza mpaka mwisho? Wengi wakishatoa ule mshindo wa kwanza wanadhani wamemaliza.

---

#4 Mtoto_wa_Keko

Sista nimekuelewa, nimemwambia aendelee na pampu.

Kuhusu kupuliza, nilimsimamia mwenyewe na saa mkononi. Alipuliza sekunde 8 na nilikuwa naisikia hewa inatoka mpaka mwisho.

Kisimani, hii ni presha ya hewa kwenye bomba, si ya damu. Samahani mkuu.

---

#5 Baba_Nuru

Tatizo ni joto. Hewa inatoka mapafuni ikiwa na nyuzi 37 na imejaa mvuke, ikifika nje inapoa na kusinyaa. Mashine za hospitali zina hesabu ya kurudisha ule ujazo uliopotea. Wewe hujaiweka, ndiyo maana lita zako ni chache. Weka hiyo hesabu, utaiona 2.9.

---

#6 FundiVifaaTiba

Baba Nuru umegusa jambo la kweli, ila si ndilo linalomsumbua huyu kijana. Chumba cha Dar chenye nyuzi 30, unazidisha kwa takriban 1.045. Kikiwa nyuzi 25 ni kama 1.075. Chukua 1.9 uzidishe kwa 1.045, unafika 1.99, bado lita nzima haionekani. Na cha muhimu zaidi, unazidisha FVC na FEV1 zote mbili kwa namba ile ile, kwa hiyo uwiano haubadiliki. 95 itabaki 95.

Mtoto wa Keko, weka ile sehemu ya programu inayogeuza presha kuwa lita. Nina wasiwasi na huo mstari wa 10 Pa.

---

#7 Mtoto_wa_Keko

Hii hapa mkuu.

```
float dp = fabs((analogRead(A0) - 512) * 4.88);
if (dp < 10) dp = 0;
float q = 0.263 * sqrt(dp);
lita += q * 0.01;
```

Hiyo 0.263 nimeipata kwa vipenyo vya 22 na 15 na uzito wa hewa wa 1.15 kg kwa mita ya ujazo. Presha kwa Pa, mtiririko kwa lita kwa sekunde.

---

#8 FundiVifaaTiba

Ahsante. Hiyo 0.263 nimeikokotoa na mimi, iko sawa. Sasa twende taratibu, maana ugonjwa wote uko kwenye hiyo mistari minne.

Bomba la koo lina tabia moja: presha haiongezeki sambamba na mtiririko, inaongezeka kwa mraba wake. Kwa bomba lako, mtu akipuliza lita 10 kwa sekunde unapata kama 1440 Pa, na sensa inayofika 2000 inaisoma vizuri. Akipuliza lita 1 kwa sekunde hupati 144. Unapata 14 tu. Akifika nusu lita kwa sekunde unapata 3.6 Pa. Na Uno yako ngazi yake moja ya kusoma ni 4.88 Pa. Maana yake nusu lita nzima kwa sekunde inapita na Uno haijaona kitu.

Sasa igeuze. Ngazi moja ya kelele mezani, hakuna anayepuliza, 4.88 Pa. Kipeuo chake cha pili ni 2.21, zidisha kwa 0.263, unapata 0.58. Kifaa kinaamini hewa inapita lita 0.58 kila sekunde. Kwa sekunde 6 hizo ni lita 3.5 za hewa isiyokuwepo. Ndiyo zile 6.9 na 7.4 zako za mwanzo.

Ukaziba kwa ule mstari wa 10 Pa. Kelele ikanyamaza kweli, lakini 10 Pa kwenye bomba lako ni lita 0.83 kwa sekunde. Chochote kinachopita polepole kuliko hapo umekitupa. Kijana mwenye mapafu mazima hapotezi sana, kwa sababu hewa yake nyingi inatoka kwa kishindo. Mwenye pumu njia zake zimebana, anatoa lita 1.8 sekunde ya kwanza, halafu ile lita 1.1 iliyobaki inavuja kidogokidogo kwa sekunde tano au saba. Wastani wake ni kama lita 0.2 kwa sekunde, yaani presha ya chini ya 1 Pa. Yote hiyo umeihesabu sifuri.

Ndiyo maana FEV1 imelingana na ya kliniki na FVC imekatika. Kifaa chako kimekata mkia, na ugonjwa wa mama uko kwenye mkia.

---

#9 Sista_Temeke

Hapo sasa. Yaani kadiri mgonjwa anavyobana zaidi ndivyo kifaa kinavyomwona mzima zaidi. Hicho ni kitu cha hatari, kijana.

---

#10 Mtoto_wa_Keko

Nimesoma #8 mara tatu. Nimeumia ila nimeelewa. Kumbe nilifurahia kutulia kwa namba bila kuuliza zimetulia kwa nini.

Swali: nikiutoa ule mstari wa 10 Pa narudi kwenye lita za mezani. Nifanyeje?

---

#11 Mkata_Waya

Rahisi sana. Achana na ADC ya Uno, nunua ADS1115. Ni biti 16, ngazi moja inakuwa 0.19 Pa badala ya 4.88. Kariakoo zinapatikana. Unaiunga kwa nyaya nne na tatizo limekwisha. Mimi nimeitumia kwenye mizani ya duka.

---

#12 FundiVifaaTiba

Mkata Waya, inasaidia, ila ina mtego na nimewahi kuwaona watu wakinasa. Sensa hii inatoa volti kulingana na umeme inaolishwa. Sifuri yake ni nusu ya umeme huo: ukiilisha 5.00 V sifuri ni 2.50 V. Uno nayo inapima kwa kulinganisha na umeme ule ule, kwa hiyo umeme ukishuka vyote vinashuka pamoja na kosa linajifuta. ADS1115 ina kipimo chake cha ndani kisichoyumba. Umeme wa USB ukishuka kwa 0.02 V tu, sifuri inahama 0.01 V, na kwa sensa hii hiyo ni 10 Pa. Umenunua ngazi ya 0.19 Pa ili uione vizuri sifuri iliyohama kwa 10.

Tumia ADS1115, sawa, ila chaneli ya pili isome umeme unaoingia kwenye sensa, kisha ugawanye.

Ila kabla ya kununua chochote, kuna makosa mawili ya bure kwenye programu. La kwanza, 512 umeiandika kwa mkono. Sifuri ya sensa yako inaweza kuwa 508 au 515, na inahama ikipata joto. Ipime kila kabla ya kupuliza, sekunde mbili bomba limetulia. La pili ni `fabs`. Kelele huenda juu na chini, ukiiacha na alama zake inajifuta yenyewe. Wewe umezigeuza zote kuwa chanya, kwa hiyo kila mtikisiko unaongeza lita, hakuna unaopunguza. Fanya hivi:

```
long jumla = 0;
for (int i = 0; i < 64; i++) jumla += analogRead(A0);
float dp = (jumla / 64.0 - sifuri) * 4.88;
float q = 0.263 * sqrt(fabs(dp));
if (dp < 0) q = -q;
lita += q * 0.01;
```

Usomaji 64 kwenye Uno unachukua kama 7 ms, unaingia ndani ya 10 zako. Wastani uchukue kwenye presha kabla ya kipeuo, si baada. Ukishatoa kipeuo, kelele imeshapinda.

---

#13 Mkata_Waya

Hilo la umeme wa USB sikulijua. Na mizani yangu huwa inayumba laptopu ikichomolewa chaji! Kesho naifungua.

---

#14 Mama_Zawadi

Mimi si fundi, ila nina mtoto wa miaka 9 mwenye pumu. Tulipewa kile kibomba cha plastiki chenye mshale, anapuliza asubuhi na jioni, naandika kwenye daftari. Kuna asubuhi mshale unafika vizuri tu, na mtoto usiku hajalala kwa kukohoa. Nilikuwa nadhani daftari langu nimekosea kuandika. Je, ni jambo lile lile la mkia mnalosema?

---

#15 Sista_Temeke

Mama Zawadi, linakaribiana. Kile kibomba kinapima mshindo wa juu kabisa tu, ule wa mwanzo. Kinachotokea baadaye kwenye njia ndogondogo hakioni. Ndiyo maana tunawaambia wazazi waandike na dalili: kikohozi cha usiku, kuamka, pampu ya dharura imetumika mara ngapi. Hukukosea kuandika. Endelea, na hilo daftari peleka kliniki.

---

#16 Dogo_wa_Mabibo

Kwa nini mnang'ang'ania koo? Toa koo, weka wavu. Hewa ikipita kwenye wavu wa chuma wenye matundu madogo sana presha inakwenda sambamba na mtiririko, hakuna mraba, hakuna kipeuo. Tukifanya wavu utoe 50 Pa kwa kila lita moja kwa sekunde, ngazi moja ya Uno inakuwa chini kidogo ya lita 0.1 kwa sekunde. Zile lita 3.5 za mezani zinashuka kuwa 0.6 kabla hata hujarekebisha programu. Mimi nilitumia wavu wa chujio la chai, safu nne.

---

#17 FundiVifaaTiba

Dogo, umepiga penyewe, na mashine nyingi za hospitali zimejengwa kwa kanuni hiyo. Ila jiulize kwa nini nyingi kati ya hizo zina kipasha joto. Pumzi ina mvuke. Ikigusa chuma baridi inakuwa maji, matundu yanaziba, wavu unaotoa 50 unatoa 60, na kila mgonjwa anayefuata anaonekana ana hewa nyingi kuliko aliyo nayo. Mate na makohozi yakiingia ndiyo basi. Koo la wazi halizibi.

Na chujio la chai sijui kama matundu yake ni madogo vya kutosha. Ulipima kama kweli presha inakwenda sambamba mpaka lita 8 au 10?

---

#18 Dogo_wa_Mabibo

Nilipima mpaka lita 3 kwa sekunde tu, sikuwa na namna ya kufika juu. Mpaka hapo mstari ulikuwa umenyooka. Kuhusu maji, kwa joto la Dar wavu hauwi baridi kama Ulaya. Nilipuliza mara kumi mfululizo sikuona unyevu.

---

#19 Baba_Nuru

Subirini chumba chenye kiyoyozi. Maabara ya chuo chetu ilikuwa nyuzi 20, ukipuliza kwenye kioo unaona ukungu hapo hapo.

---

#20 Mkereza_Gerezani

Nadhani hilo koo nimelikereza mimi, au jirani yangu. Nailoni nyeupe, urefu kama kidole? Mliniambia 15, nikatoa 15. Ila kuna kitu hamkuniambia: kutoka 22 kwenda 15 mlitaka mteremko au ngazi? Wengi wanaleta mchoro wa ngazi kali. Na matundu ya pembeni yakitobolewa kwa drili bila kusafishwa ndani yanaacha vinyama vya nailoni. Hewa ikipita inavigonga, inapiga mluzi.

---

#21 Mtoto_wa_Keko

Fundi ni wewe kabisa, shikamoo! Mteremko tuliweka upande wa kuingilia tu, upande wa kutokea ni ngazi. Matundu nilitoboa mwenyewe nyumbani na ndani sikusafisha. Na mluzi upo, nikipuliza kwa nguvu unasikika.

---

#22 Mkereza_Gerezani

Marahaba. Lete nikusafishie matundu, hilo halina malipo.

---

#23 Sista_Temeke

Jambo moja hakuna aliyeligusa. Mnapulizana bomba moja? Huyu ana pumu, yule ana kikohozi cha wiki tatu na hajui kama ni TB. Kila mtu awe na mdomo wake wa kutupwa, na chujio la vijidudu kati ya mdomo na bomba. Na mwambieni mtu apulize tu, asivute hewa kupitia bomba lile.

---

#24 Mtoto_wa_Keko

Sista mpaka sasa ni mimi, mama na dada yangu tu, na nilikuwa naosha kwa spiriti. Nitatafuta machujio. Ila chujio si litaongeza ukinzani?

---

#25 FundiVifaaTiba

Litaongeza, kwa hiyo unapopima usahihi wa kifaa, pima chujio likiwa mahali pake. Likikaa kabla ya bomba haliharibu hesabu ya koo, linamfanya tu mpulizaji asukume zaidi kidogo.

Na upimaji wenyewe ndio ninaoungoja. Hospitali wana bomba la sindano la lita 3. Wanasukuma haraka, wastani na polepole, na kila mara kifaa kisome kati ya 2.91 na 3.09. Ule wa polepole ndio unaoumbua vifaa kama chako. Wewe chukua chupa kubwa ya maji ya kunywa, ukate kitako, shingo uunge kwenye bomba lako bila kuvuja. Weka alama za lita 3 kwa kumimina maji ya kipimo. Kisha izamishe kwenye ndoo ya maji, shingo ikiwa juu, maji yapande kutoka alama ya chini mpaka ya juu. Hewa lita 3 haina pa kutokea ila kwenye bomba. Ukisukuma haraka, maji ya ndani yatachelewa kupanda, kwa hiyo shikilia mpaka ya ndani na ya nje yawe sawa ndipo usome.

---

#26 Mtoto_wa_Keko

Wakuu nimerudi, siku tatu sikulala vizuri. Nimetumia chupa na ndoo kama #25 alivyoelekeza.

Programu ya zamani yenye mstari wa 10 Pa: nikizamisha kwa sekunde moja inasoma 2.94. Nikizamisha kwa sekunde 8 inasoma 0.00. Sifuri kabisa! Lita tatu zimepita mbele ya macho yangu na kifaa kimenyamaza. Nilimwita dada aje aone.

Programu mpya, sifuri ikipimwa kila mara: kwa sekunde moja 3.02. Kwa sekunde 8 nimerudia mara tano: 3.4, 3.1, 3.6, 2.7, 3.4. Mezani bila kupuliza, sekunde 6, inacheza kati ya −0.2 na 0.3.

Mama amepuliza tena leo, na mdomo wa kadibodi: FVC 2.7, FEV1 1.8, uwiano 67%. Mara ya pili 2.9 na 1.8. Mara ya tatu 2.5.

---

#27 Sista_Temeke

Sasa inafanana na karatasi ya kliniki. Ila 2.9 na 2.5 haziko karibu. Tunataka FVC mbili kubwa zisipishane zaidi ya mililita 150, na hapo mbili kubwa zako zinapishana 200. Pia usimwachishe kwa kuangalia saa. Mwachishe mkia ukishalala, yaani ndani ya sekunde nzima ujazo haujaongezeka hata mililita 25.

---

#28 Mtoto_wa_Keko

Sista hizo mililita 25 kwa sekunde ni presha ya 0.01 Pa kwenye bomba langu. Kifaa hakiwezi kuziona hata kwa ndoto.

---

#29 FundiVifaaTiba

Umekokotoa sawasawa, na huo ndio ukuta wa koo la 15 mm na sensa ya 2000 Pa.

Kuhusu usomaji wa sekunde 8 kuzidi, angalia: minne kati ya mitano iko juu ya 3. Hiyo si kelele tupu, kelele ingekwenda pande zote. Fomula ya koo inadhani hewa inapita bila kusuguana na ukuta. Ukipuliza kwa nguvu dhana hiyo inakaribia ukweli. Ukipuliza polepole, kwa lita 0.4 kwa sekunde, msuguano unakula sehemu kubwa ya presha, na fomula inaidhania ni kasi. Kwa hiyo 0.263 yako inatakiwa ipungue mtiririko unaposhuka. Zamisha chupa kwa sekunde 2, 4, 6 na 8, uchore jedwali la kwako.

---

#30 Mkata_Waya

Mimi naona ni joto la sensa. Anapima sifuri sekunde mbili, halafu anazamisha sekunde 8, kati ya hapo sifuri imeshatembea. Kuhama kwa 1 Pa tu, hewa ikiwa inapita lita 0.38 kwa sekunde, kunatosha kabisa kuleta 3.6. Apime sifuri kabla na baada, aone kama zinalingana.

---

#31 Dogo_wa_Mabibo

Au ni tone la maji kwenye mpira wa silikoni. Alikuwa anacheza na ndoo! Maji yaliyopanda milimita moja kwenye mpira ni karibu 10 Pa. Geuza bomba matundu yaangalie juu, sensa ikae juu ya bomba isiwe chini.

---

#32 Mkereza_Gerezani

Na vile vinyama vya nailoni kwenye matundu mmevisahau.

---

#33 Baba_Nuru

Na feni? Chumba chako kina feni? Feni ikilenga mdomo wa bomba unapata Pa mbili tatu bila jasho.

---

#34 Mtoto_wa_Keko

Feni ilikuwa inawaka. Jamani chumba cha Keko bila feni hakikaliki. Mpira mmoja nimeukagua sasa hivi, una unyevu, lakini sijui uliingia kabla au baada ya zile 3.4. Sifuri ya kabla 511.3, ya baada sikuipima.

Jumamosi naenda Gerezani kusafisha matundu na kukereza mteremko wa kutokea. Nikirudi nitazima feni, nitakausha mipira, nitapima sifuri mara mbili, na nitazamisha kwa sekunde 2, 4, 6 na 8. Nitabadilisha kimoja kimoja ili nijue kipi ni kipi.

---

#35 FundiVifaaTiba

Anza na sifuri ya kabla na ya baada. Haikugharimu chochote na inamjibu Mkata Waya na Baba Nuru kwa pamoja. Mimi bado nasema ni msuguano.

---

#36 Dogo_wa_Mabibo

Jumamosi nami nitakuwepo Gerezani na bomba langu la wavu. Tulizamishe kwenye ndoo hiyo hiyo, sekunde 8, tuone.

---

#37 Kisimani

Nimefuatilia mpaka mwisho. Mke wangu anapika kwa mkaa miaka ishirini na anakohoa kila asubuhi. Anaweza kupimwa wapi, kwenye mashine ya kweli?

---

#38 Sista_Temeke

Kaka, aanzie kituo cha afya cha karibu, aeleze kikohozi kina muda gani. Wataanza na makohozi kuangalia TB, kisha wakiona haja watamwandikia rufaa hospitali yenye spirometa. Amwambie daktari na habari ya mkaa, wengi huwa hawaisemi mpaka waulizwe.